Kukisia mahitaji yanayopanda kila mwezi: jinsi ya kuchagua alfa na beta kwa kupima makosa

Duka linalouza zaidi kidogo kila mwezi lina tatizo ambalo wastani wa kawaida hauwezi kulitatua. Ukichukua wastani wa miezi mitatu iliyopita, unapata namba ya mwezi wa katikati, na mwezi unaokuja utakuwa umeshaipita. Mwenye duka anaagiza pungufu, anaongeza, halafu mwezi unaofuata anajikuta pungufu tena. Makisio yake hayako mbali sana na ukweli, ila kila mara yako chini, na upungufu wa upande mmoja ndio unaomaliza mzigo stoo.

Njia tunayoieleza hapa ni ulainishaji wa kipeo wenye marekebisho ya mwelekeo. Wengi wanaiita njia ya Holt, kwa sababu Charles Holt aliiandika mwaka 1957 akiwa Carnegie Institute of Technology, katika waraka alioufanyia Jeshi la Majini la Marekani. Hesabu yake inatosha kwenye daftari. Kazi kubwa ni kuchagua vigezo viwili, alfa na beta, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu uchaguzi huo.

Namba tutakazotumia

Mfano wetu ni wakala wa gesi ya kupikia anayebadilisha mitungi ya kilo 6: mteja analeta mtupu, anaondoka na uliojaa. Namba tumezitunga kwa ajili ya zoezi. Hii ni mitungi iliyotoka kwa mwezi, kuanzia mwezi wa 1 hadi wa 16:

204, 221, 226, 245, 249, 270, 274, 296, 318, 319, 346, 352, 371, 382, 389, 401

Kabla ya kuingiza namba zako, zisafishe kwa mambo mawili. La kwanza ni urefu wa mwezi. Februari ya siku 28 ni fupi kuliko Januari kwa karibu asilimia 10, na kwa anayeuza mitungi 300 hiyo ni kama mitungi 30, pengo kubwa kuliko makosa yote tutakayoyaona hapa chini. Gawa mauzo ya kila mwezi kwa siku ulizofungua duka, kisha zidisha kwa 30. Namba zetu zichukulie kuwa zimeshasawazishwa hivyo.

La pili ni wateja waliokosa. Daftari la mauzo linaandika mitungi iliyotoka, haliandiki mtu aliyekuja na mtungi mtupu akaambiwa gesi imeisha. Kama stoo ilikauka siku nne, mauzo ya mwezi huo yako chini ya mahitaji, na hesabu itaelewa kwamba ukuaji umepungua. Utaagiza kidogo zaidi, na stoo itakauka tena. Muuzaji wa kaunta awe na ukurasa wa waliokosa, apige mstari mmoja kwa kila mteja anayerudi mikono mitupu, na mistari hiyo ijumlishwe kwenye mauzo ya mwezi.

Kinachohesabiwa

Kila mwishoni mwa mwezi unatunza namba mbili. Ya kwanza ni kiwango, yaani mahali mahitaji yalipo sasa baada ya kuondoa kuyumba kwa bahati. Ya pili ni mwelekeo, yaani mitungi inayoongezeka kwa mwezi. Makisio ya mwezi ujao ni kiwango kujumlisha mwelekeo.

Mwezi ukiisha na mauzo yakajulikana, unarekebisha zote mbili:

```
Makisio      = kiwango cha nyuma + mwelekeo wa nyuma
Kiwango kipya  = alfa × mauzo + (1 − alfa) × makisio
Mwelekeo mpya  = beta × (kiwango kipya − kiwango cha nyuma)
                 + (1 − beta) × mwelekeo wa nyuma
```

Alfa na beta ziko kati ya 0 na 1. Alfa inaamua mauzo ya mwezi huu yasogeze kiwango kwa kiasi gani. Beta inaamua kusogea huko kubadilishe kwa kiasi gani imani yako kuhusu kasi ya ukuaji.

Hesabu hiyohiyo inaweza kuandikwa kwa ufupi, na ufupi huu unaonyesha vizuri kinachotendeka. Kosa ni mauzo kutoa makisio. Kiwango kipya ni makisio kujumlisha alfa mara kosa. Mwelekeo mpya ni mwelekeo wa nyuma kujumlisha alfa mara beta mara kosa. Kwa hiyo alfa ikiwa 0.5 na beta 0.1, kosa la mitungi 10 linasogeza kiwango kwa 5 na mwelekeo kwa nusu mtungi tu. Ni sawa iwe hivyo, kwa sababu mwelekeo unazidishwa ukikisia miezi mingi mbele, na kosa dogo ndani yake hukua.

Hatua ya 1: pata pa kuanzia

Namba za kuanzia zinaharibu kazi ya wengi. Anayeweka mwelekeo wa mwanzo kuwa sifuri atakaa miezi mingi akikisia chini, halafu atadhani vigezo ndivyo vibaya. Anayechukua tofauti ya mwezi wa 1 na wa 2 peke yake, kwetu 221 kutoa 204, anaanza na mwelekeo wa 17, na huo umetokana na mwezi mmoja uliochangamka.

Tumia miezi minne ya kwanza. Wastani wa miezi miwili ya kwanza ni 212.5, na wa miwili inayofuata ni 235.5. Kati ya katikati ya jozi hizo kuna miezi miwili, hivyo mwelekeo ni (235.5 − 212.5) ÷ 2 = 11.5. Wastani wa miezi yote minne ni 224, nao unakaa katikati ya mwezi wa 2 na wa 3, mwezi mmoja na nusu nyuma ya mwezi wa 4. Kiwango cha mwezi wa 4 ni 224 + 1.5 × 11.5 = 241.25.

Hatua ya 2: tembeza mwezi mmoja kwa mkono

Tuchukue alfa 0.5 na beta 0.1. Makisio ya mwezi wa 5 ni 241.25 + 11.5 = 252.75. Ilitoka mitungi 249, kwa hiyo kosa ni −3.75. Kiwango kipya ni 0.5 × 249 + 0.5 × 252.75 = 250.875. Kiwango kimesogea kwa 9.625 kutoka mwezi wa 4, hivyo mwelekeo mpya ni 0.1 × 9.625 + 0.9 × 11.5 = 11.3125. Makisio ya mwezi wa 6 yanakuwa 262.19. Mauzo yalikuwa 270, kosa ni 7.81, na mzunguko unaanza upya.

Fanya miezi miwili kwa kalamu kabla ya kuhamia kwenye kompyuta. Ukiwa na namba zako kwenye karatasi, utajua mara moja kama fomula uliyoichapa imekosewa.

Hatua ya 3: ipange kwenye Excel

Mstari wa 1 uwe wa vichwa. Safu ya A iwe mwezi, B mauzo, C makisio, D kiwango, E mwelekeo, F kosa. Mwezi wa 1 unakaa mstari wa 2. Alfa iwe kwenye H1 na beta kwenye H2.

```
E5:  =(AVERAGE(B4:B5)-AVERAGE(B2:B3))/2
D5:  =AVERAGE(B2:B5)+1.5*E5
C6:  =D5+E5
D6:  =$H$1*B6+(1-$H$1)*C6
E6:  =$H$2*(D6-D5)+(1-$H$2)*E5
F6:  =B6-C6
```

Buruta C6 hadi F6 kushuka mpaka mwezi wa 12, yaani mstari wa 13. Kisha weka vipimo vitatu:

```
H4:  =SUMPRODUCT(ABS(F6:F13))/8
H5:  =SUMSQ(F6:F13)/8
H6:  =AVERAGE(F6:F13)
```

H4 ni ukubwa wa wastani wa kosa bila kujali liko juu au chini. H5 ni wastani wa miraba ya makosa. H6 ni mwegemeo: wastani wa makosa pamoja na alama zake. Mwegemeo chanya unasema unakisia chini.

Kuna jaribio moja la lazima. Andika alfa 1 kwenye H1. Kama makosa yote yanageuka sifuri, fomula yako inachungulia jibu: kosa umelihesabu kutoka safu ya kiwango, ambacho tayari kimeyaona mauzo ya mwezi huohuo. Makisio sahihi ya mwezi wa 6 yanatumia mstari wa mwezi wa 5 tu. Kosa hili la kupanga fomula ni hatari kwa sababu halionekani kama kosa. Linakupa namba nzuri, na linakusukuma uchague alfa kubwa kuliko inavyofaa.

Hatua ya 4: linganisha makosa

Usianze kwa kutafuta alfa yenye desimali tatu. Anza na jozi chache zilizo mbalimbali, andika kila moja kwenye H1 na H2, na nakili vipimo vitatu. Kwa miezi ya 5 hadi 12 tunapata hivi:

| Alfa | Beta | Wastani wa kosa | Wastani wa miraba | Mwegemeo |
|---|---|---|---|---|
| 0.2 | 0.1 | 8.21 | 98.6 | 6.70 |
| 0.2 | 0.3 | 7.32 | 83.0 | 5.80 |
| 0.5 | 0.1 | 7.00 | 67.7 | 3.77 |
| 0.5 | 0.3 | 7.37 | 63.9 | 2.54 |
| 0.8 | 0.1 | 8.41 | 79.7 | 2.29 |

Soma safu ya mwegemeo kwanza. Kwenye mistari miwili ya juu karibu kosa lote ni la upande mmoja: wastani wa kosa ni 8.21 na mwegemeo ni 6.70. Katika miezi hii ukuaji ulitoka kwenye 11.5 tuliyoanza nayo na kusogea kuelekea 13, na alfa ya 0.2 ilichelewa kuufuata. Mstari wa mwisho una ugonjwa mwingine. Mwegemeo wake ni mdogo kuliko yote, lakini wastani wa kosa ndio mkubwa kuliko yote, kwa sababu alfa ya 0.8 inakimbilia kila mwezi. Mwezi wa 9 mauzo yaliruka hadi 318, makisio yakaruka nayo hadi 328.78, na mwezi wa 10 ukatulia kwenye 319. Ndivyo kelele inavyofuatwa kana kwamba ni habari.

Zinabaki jozi mbili za alfa 0.5, na hapa vipimo havikubaliani. Wastani wa kosa unaichagua beta 0.1, miraba inaichagua beta 0.3. Hakuna kilichoharibika. Miraba inaadhibu kosa kubwa kuliko inavyoadhibu makosa madogo mengi, na beta 0.3 ilipunguza makosa ya mwezi wa 9 na wa 11, yaliyokuwa makubwa kuliko mengine, huku ikiongeza la mwezi wa 10 na la 12. Kama kosa moja kubwa linakuumiza kuliko makosa madogo kumi, mathalani gari la mzigo likija halirudi hadi mwezi ujao, ipe miraba uzito. Kama hasara inakua sawasawa na idadi ya mitungi iliyopungua, wastani wa kosa unatosha.

Kuna faida ya kulinganisha na ulainishaji usio na mwelekeo, ili ujue kazi hii imekulipa nini. Ukianzia kiwango hichohicho cha 241.25 kwa alfa 0.5 bila mwelekeo, wastani wa kosa unakuwa 24.64, na makosa yote manane yako upande mmoja. Namba hiyo haikutokea kwa bahati. Mahitaji yakikua kwa kiasi kilekile kila mwezi, ulainishaji wa kawaida hubaki nyuma kwa ukuaji wa mwezi ukigawanywa kwa alfa. Ukuaji wa 13 kwa alfa 0.5 ni mitungi 26 nyuma, daima.

Hatua ya 5: pima kwa miezi ambayo vigezo havijaiona

Jozi iliyochaguliwa kwa miezi nane imechaguliwa kwa kuwa inaifaa miezi hiyo. Kwa hiyo miezi ya 13 hadi 16 tuliiweka pembeni. Sasa buruta fomula hadi mstari wa 17 bila kugusa alfa wala beta, na hesabu makosa ya F14:F17 peke yake, ukigawanya kwa 4.

Beta 0.1 inatoa wastani wa kosa 4.03 na miraba 21.0. Beta 0.3 inatoa 4.86 na 30.6. Safari hii vipimo vyote viwili vinasema kitu kimoja, na sababu inaonekana ukitazama safu ya mwelekeo. Mwezi wa 12 beta 0.3 ilikuwa imefikisha mwelekeo 14.55. Miezi ya mwisho ukuaji ulipoa, na mwezi wa 15 makisio yakapita mauzo kwa karibu mitungi 9. Tunachukua alfa 0.5 na beta 0.1.

Je, tuendelee kuchimba? Tulijaribu 0.4 na 0.2 kwenye miezi nane ya kwanza, tukapata wastani wa kosa 6.78 badala ya 7.00. Tofauti hiyo ni kama robo ya mtungi, kwa data ya miezi nane. Karibu na jozi bora pana bonde pana, na popote ndani yake panafaa. Solver, zana ya Excel inayotafuta yenyewe vigezo vyenye kosa dogo zaidi, itakuletea namba kama 0.437, lakini tarakimu hizo hazina maana kwa data fupi namna hii. Ukiitumia, ifungie kati ya 0 na 1, na ianzishe kutoka sehemu tatu tofauti, kwa sababu hukwama kwenye bonde dogo la karibu. Ikikurudishia beta sifuri, ina maana mwelekeo wako wa kuanzia ndio utakaotumika milele, hivyo hakikisha ulikuwa mzuri. Ikikurudishia alfa 1, angalia kwanza kama fomula inachungulia. Kama haichungulii, huenda mahitaji yako yamehama ghafla mahali fulani, au yana msimu. Njia hii haijui msimu. Kwa bidhaa inayopanda sana Ramadhani au wakati wa kufungua shule, alfa itajaribu kuufukuzia msimu na itachelewa kila mara.

Hatua ya 6: tumia makisio kuagiza

Mwisho wa mwezi wa 16 kiwango ni 403.02 na mwelekeo ni 12.80. Makisio ya mwezi wa 17 ni 416. Kwa miezi zaidi mbele unazidisha mwelekeo: mwezi wa 18 ni 403.02 + 2 × 12.80 = 429, na wa 19 ni 441.

Kukisia 416 si kuagiza 416. Kwa miezi yote 12 tuliyoipima, wastani wa kosa ni 6.01. Ikiwa makosa yametawanyika kwa namna ya kawaida, mchepuko sanifu ni kama mara 1.25 ya wastani huo, yaani 7.5. Kwa kinga ya asilimia 95 dhidi ya kuishiwa, zidisha kwa 1.65, upate kati ya 12 na 13. Mitungi 429 iwe tayari kwa mwezi wa 17, ukihesabu na iliyomo stoo.

Kinga hiyo ni ya makisio ya mwezi mmoja mbele. Kama mitungi mipya inachukua miezi mitatu kufika tangu ulipe, kosa linalokuhusu ni la miezi mitatu mbele, nalo ni kubwa zaidi. Katika hali hiyo chagua vigezo kwa kosa hilohilo: kwenye safu mpya linganisha mauzo ya mwezi na `D + 3*E` ya mistari mitatu juu yake. Mara nyingi utajikuta unataka beta ndogo kuliko ile ya mwezi mmoja, maana kuyumba kwa mwelekeo sasa kunazidishwa mara tatu.

Hatua ya 7: jua lini vigezo vimechoka

Kila mwezi jumlisha makosa pamoja na alama zake, kisha gawa kwa wastani wa kosa. Matokeo yakivuka 4 au yakishuka chini ya −4, makisio yanaegemea upande mmoja. Kwenye miezi nane ya kuchagulia, jumla ilikuwa 30.15, na ukigawa kwa 7.00 unapata 4.3. Onyo hilo lilikuwa la kweli: ukuaji ulikuwa umeongezeka. Ukishachagua vigezo, anza jumla upya kutoka sifuri. Kwa miezi ya 13 hadi 16 jumla yetu ni −4.07, sawa na −1.0 ukiigawa kwa 4.03, na hapo hakuna sababu ya kugusa kitu.

Onyo likilia, usikimbilie kupandisha alfa. Fungua kwanza daftari la waliokosa, na uulize kama kuna wakala mpya mtaani au bei imebadilika. Kama kiwango kimehama kwa sababu unayoijua, andika kiwango kipya kwa mkono kwenye safu ya D na uache vigezo vilivyo. Rudia hatua ya 4 na ya 5 pale ambapo ukuaji wenyewe umebadilika kasi kwa miezi kadhaa mfululizo.

Kwa makisio ya mbali, mstari huu unapanda bila kikomo, ilhali mtaa una nyumba zake na hauongezeki hivyo. Mwaka 1985 Everette Gardner na Ed McKenzie walitoa namna ya kuupunguza mwelekeo: kila mwezi wa mbele unachukua sehemu tu ya ongezeko la mwezi uliotangulia. Kwa kigezo cha 0.9, ongezeko letu la 12.80 linakuwa 11.52 kwa mwezi wa kwanza, 10.37 kwa wa pili, 9.33 kwa wa tatu, na makisio ya mwezi wa 19 yanashuka kutoka 441 hadi 434. Kigezo hicho nacho hupimwa kama vile vingine viwili, kwa makosa ya miezi iliyowekwa pembeni.